Kundi la watu 6, vipindi tofauti, kazi tofauti: tunapataje muda wa kukutana?

MwanaUbungo
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa hesabu hasa, siyo wa kutiana moyo. Tupo 6 kwenye kazi ya kundi, mwaka wa tatu, chuo kipo upande wa Ubungo hapa Dar. Zimebaki wiki 5 tuwasilishe. Tunahitaji kukutana mara moja kwa wiki kwa masaa mawili, na tangu wiki iliyopita hatujapata siku hata moja.

Hali iko hivi. Mimi nina vipindi Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi mpaka saa 6 mchana. Wa pili yuko kwenye kibanda cha wakala wa pesa Manzese, Jumatatu hadi Jumamosi, anafungua saa 9 alasiri na kufunga saa 3 usiku. Yeye ni Muislamu, kwa hiyo Ijumaa mchana yupo msikitini. Wa tatu anapokea simu za wateja kwa zamu: wiki moja saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, wiki nyingine saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku, na ratiba yao hutoka Ijumaa. Wa nne ana mtoto mdogo, saa 9 alasiri lazima awe ameshaondoka chuoni akamchukue Mbezi. Wa tano ameajiriwa ofisini Posta saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Anarudia somo hili, na ana vipindi vya jioni hadi saa 2:30 usiku Jumatatu mpaka Alhamisi. Wa sita ana vipindi saa 8 mchana hadi saa 12 jioni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, na ni Msabato, kwa hiyo Jumamosi haipo.

Kwenye grupu kila siku ni "nyie amueni tu mimi nitafuata", halafu siku ikichaguliwa wawili wanasema hawawezi.

Kipanga_wa_Pwani
Mkuu mbona rahisi. Weka kura ya WhatsApp, andika siku na saa, ruhusu mtu kuchagua zaidi ya jibu moja. Muda uliopata kura nyingi ndio huo. Asiyeweza atasoma muhtasari.

Bi_Kijora
Kaka Kipanga, kura ni nzuri ila umeiweka mwanzo wakati mahali pake ni mwisho. Kura ya WhatsApp inabeba chaguo 12 tu. Siku 6 zenye vipande vya nusu saa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 3 usiku ni vipande 168. Ukichagua 12 kati ya hivyo, tayari umeshakisia jibu kabla ya kuuliza, na muda mzuri unaweza kuwa haumo kabisa.

La pili, watu wanaona kura za wenzao zikiingia. Wanne wakishagusa "Alhamisi", wa tano anagusa Alhamisi hata kama ana kazi, hataki kuonekana mgumu. Ndiyo maana siku ikifika hawaji.

MwanaUbungo, kwanza badilisha swali. Usiulize "lini una nafasi". Mtu akiulizwa hivyo anakutajia muda anaoupenda, na mwingine wote anauacha. Uliza "lini HUWEZI kabisa", kwa sababu vipindi, zamu na mtoto ni vitu vinavyojulikana saa zake. Kinachobaki ndicho mnachokitafuta.

Mzee_wa_Daftari
Hawa watoro wa kazi za kundi dawa yao ni moja. Jina lisiandikwe kwenye jalada la ripoti. Wakishajua hilo, watakuja hata saa 12 alfajiri.

MwanaUbungo
Mzee shikamoo. Hapana, hawa siyo watoro. Kila mmoja anaandika sehemu yake na anatuma. Tatizo ni saa tu.

Mzee_wa_Daftari
Marahaba. Basi nimelisoma vibaya. Endeleeni.

Bi_Kijora
Nakupa namna ya kufanya. Fungua Google Sheets. Safu ya kwanza weka muda kwa vipande vya nusu saa, kila siku na sehemu yake. Safu B hadi G ni nyie sita. Kila mtu ajaze namba kwenye safu yake: 0 siwezi kabisa, 1 naweza kwa shida, 2 nina nafasi. Ile 1 ndiyo itakayowaokoa, usiiache. Wengi hawana namna ya kusema "naweza ila itanigharimu", wanaishia kusema siwezi. Jumapili nyingi zinapotea hivyo.

Halafu safu H weka hii, ishushe mpaka chini:

```
=IF(COUNTA(B2:G2)<6,"bado",COUNTIF(B2:G2,0))
```

Inakuonyesha ni wangapi hawawezi kwenye kipande hicho. Ile COUNTA ipo kwa sababu maalumu. Ukitumia COUNTIF peke yake, mtu ambaye hajajaza hahesabiki kama 0, kwa hiyo anaonekana yuko huru muda wote. Mnafurahi mmepata Alhamisi, kumbe aliyeonekana huru hajafungua hata linki.

Safu I weka jumla, ikusaidie kuchagua kati ya vipande vilivyopata sifuri kwenye H:

```
=SUM(B2:G2)
```

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau: safari nayo ni 0. Kipindi kikiisha saa 6 mchana Ubungo, huyo wa Manzese hayupo kibandani saa 6. Kila mtu aongeze muda wa njia kwa jinsi foleni ilivyo saa hiyo, asihesabu kilomita.

Nyota_ya_Muscat
Mimi nipo Oman, nasoma masafa na wenzangu wapo Dar na mmoja Kigali. Kwetu mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi kama Jumatatu yenu. Muscat ipo saa moja mbele ya Dar, Kigali saa moja nyuma. Sisi meza kama hiyo ilituvuruga kwa sababu kila mtu alijaza saa za kwake. Mnaotumia njia hii mnafanyaje?

Bi_Kijora
Dada Nyota, chagueni saa za mji mmoja na muandike juu kabisa ya meza "saa zote ni za Dar". Wa Muscat atoe saa moja kabla ya kujaza, wa Kigali aongeze moja. Kipindi chako cha saa 4 asubuhi Muscat unakiandika saa 3 asubuhi. Ukitumia tovuti ya When2meet, pale kwenye kuchagua ukanda wa saa tafuta Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, ni saa zilezile.

Ila kuna kosa lingine la saa ambalo halihitaji hata mtu awe Oman, linatokea ndani ya chumba kimoja. Mmoja anaandika "8" akiwa na maana ya saa 8 mchana. Mwingine anaandika "8" akiwa na maana ya 08:00, yaani saa 2 asubuhi. Masaa sita katikati yao. Baadhi ya makosa utayagundua mwenyewe: mtu akiandika ana kipindi 3:00 hadi 5:00, hakuna chuo kinachofundisha saa 9 usiku, basi ni saa 3 asubuhi. Hatari ipo kwenye 7 hadi 12, kwa sababu zote zinaingia akilini kwa hesabu zote mbili. Safu ya muda iandike kwa pamoja, "14:00, saa 8 mchana", na uijaze wewe mwenyewe. Wenzako wajaze 0, 1 na 2 tu, asiwepo wa kuandika saa kwa mkono wake.

Kipanga_wa_Pwani
Hapo kwenye saa nimekubali. Ila bado naona kwa watu hawa sita hata meza ikijazwa haitapatikana nafasi. Wa ofisi na wa wakala hawakutani popote. Mmoja anatoka saa 11 jioni, mwingine ameshaingia tangu saa 9.

Tundu_la_Sindano
Naona Kipanga yuko sahihi nusu. Kwa masaa mawili hawakutani Jumatatu hadi Ijumaa, hilo kweli. Lakini nani kasema lazima yawe mawili? Nimechukua maelezo ya mleta uzi nikayapanga.

Wa ofisi ana mapumziko ya chakula. Tuseme ni saa 7 hadi saa 8 mchana, atathibitisha mwenyewe. Saa hiyo MwanaUbungo ameshatoka kipindini. Wa wakala hajafungua, anatakiwa Manzese saa 9, kwa hiyo anaweza kukaa mpaka saa 8. Wa mtoto anaondoka saa 9. Wa sita hajaingia kipindini. Na wa zamu, wiki anayoingia saa 9 alasiri, anaweza kukaa mpaka kama saa 7:50 ndipo akimbilie kazini. Kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi, saa 7:00 hadi 7:50 mchana, wote 6 wapo. Wa ofisi atakuwa kwenye simu, watano wapo chuoni. Ukiuliza masaa mawili, siku za kazi zinatoa sifuri. Ukiuliza dakika 50, zinatoa nafasi nne.

Kati ya hizo nne ningechukua Jumanne. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi wa sita ana kipindi saa 8, atakuwa anaangalia mlango. Jumanne anaweza kubaki na kuandika mliyokubaliana mkiwa bado mnayakumbuka. Ijumaa msiiguse, saa 7 mchana ndiyo swala.

MwanaUbungo
Aisee. Sisi tulikuwa tunatafuta masaa mawili tu, hatukuwahi kufikiria kupunguza. Lakini zile wiki ambazo wa zamu anaingia saa 1 asubuhi?

Tundu_la_Sindano
Hapo Jumanne mchana mnabaki 5. Tazama Jumapili saa 10 jioni. Wakala kafunga. Wa zamu katoka saa 9, ana saa nzima ya kufika nyumbani. Msabato siku yake imeshapita. Wa ofisi yuko nyumbani. Wa mtoto yuko na mtoto, ataweka 1, kwa hiyo iwe kwa simu na siyo kumwita chuoni. Hapo mnaweza kuwa 6.

Kwa hiyo mna nafasi mbili. Wiki ya zamu ya jioni ni Jumanne saa 7 mchana. Wiki ya zamu ya asubuhi ni Jumapili saa 10 jioni. Ijumaa ratiba yake ikitoka, kabla ya saa 2 usiku anaandika neno moja kwenye grupu, "asubuhi" au "jioni", na kila mtu anajua wiki inayofuata ni ipi. Hakuna kuanza mjadala upya.

Bi_Kijora
Hesabu nzuri sana Tundu, ila hapa sikubaliani nawe. Muda unaohama wiki hadi wiki husahaulika. Wa ofisi ataomba ruhusa ya simu Jumanne, wiki inayofuata anaambiwa Jumapili, ya tatu Jumanne tena. Afadhali Jumanne saa 7 kila wiki. Wiki za asubuhi mkiwa 5, wa zamu atume sauti ya dakika tatu usiku wa Jumatatu: amefanya nini, amekwama wapi, anahitaji uamuzi gani. Mkimaliza, anatumiwa yaliyoamuliwa siku hiyohiyo.

Tundu_la_Sindano
Sauti inatosha kama ana taarifa. Haitoshi kama mnaamua. Kwenye wiki 5 kuna mikutano miwili ambayo kila mtu lazima awepo, wa kwanza wa kugawana kazi na ule wa kuunganisha ripoti kabla ya kuwasilisha. Mingine mitatu ni ya kukagua. Kwa ile miwili mimi ningefuata zamu yake, hata kama siku inahama. Kwa ile mitatu, sawa, Jumanne na watu 5.

Bi_Kijora
Kwa ile miwili nakubali. Kwa mingine nabaki na Jumanne.

Kipanga_wa_Pwani
Na mkutano wa dakika 50 unatosha kweli kwa watu sita? Naona dakika 20 zinaisha kwenye salamu na kusubiri.

Salma_wa_Kisiwani
Unatosha kama kazi ya kusoma haifanywi pale. Kinachokula muda ni watu kufungua faili kwa mara ya kwanza mkiwa mmeshakaa. Kila mtu aweke sehemu yake kwenye hati ya pamoja kabla ya saa 3 usiku wa Jumatatu, na juu yake aandike sentensi moja: ninahitaji nini kutoka kwa wenzangu. Asiyehitaji kitu anaandika "sina". Jumanne mnazungumzia zile sentensi tu. Zikiwa nne, kila moja ina dakika kumi na mnabakiwa na kumi. Zikiwa saba, chagueni zinazomzuia mtu mwingine asiendelee, nyingine zijibiwe kwa maandishi.

Na kwa simu, wengi hawajui mipaka ya huduma za bure. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40. Google Meet ya bure, mkizidi wawili, inafika dakika 60. Simu ya grupu ya WhatsApp haina kikomo cha namna hiyo. Kwa dakika 50 msichague Zoom, itawakata mkiwa katikati ya uamuzi. Zimeni kamera, bando linaliwa na picha kuliko sauti. Na wa ofisi asiunganishwe kwa simu iliyowekwa spika katikati ya meza ya watu watano, hatasikia chochote mkisema kwa pamoja. Anayezungumza aishike simu karibu na mdomo, au mmoja arudie kwa ufupi kila uamuzi.

MwanaUbungo
Nimerudi wakuu. Meza nimeitengeneza jana, wanne wakajaza usiku uleule. Safu H iliandika "bado" mpaka leo mchana, nikajua wawili hawajajaza, nikawapigia. Mmoja alikuwa anasubiri kompyuta, kumbe kwenye simu ilikuwa inamsumbua kujaza vipande vyote. Nilimuuliza kwa mdomo nikamjazia.

Matokeo: wa ofisi kathibitisha chakula ni saa 7 hadi saa 8. Kwa wiki ya zamu ya jioni, Jumanne saa 7:00 na 7:30 zimetoka 0 kwenye H na jumla ni 10. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi nazo 0, jumla 9, kwa sababu wa sita kaweka 1. Jumapili saa 10 jioni, wiki ya zamu ya asubuhi, 0 na jumla 9.

Ila limetokea jambo. Saa 3:30 usiku Jumanne nayo imetoka 0 kwa wiki ya zamu ya asubuhi. Wakala kafunga, wa ofisi katoka kipindini, mtoto kalala. Kwa simu. Je, hiyo siyo bora kuliko Jumapili?

Tundu_la_Sindano
Angalia namba za ndani, usitazame H peke yake. Wangapi wameweka 1?

MwanaUbungo
Wanne. Jumla ni 8.

Salma_wa_Kisiwani
Mkuu, mtu wa zamu anaingia kesho yake saa 1 asubuhi, maana yake anaamka saa 10 au 11 alfajiri. Wa ofisi yuko kwenye daladala saa hiyo, atasikiliza lakini hawezi kuzungumza na kelele zile. Wa wakala kafunga saa 3 na bado anahesabu salio na kurudi nyumbani. Meza inasema wapo, lakini akili haipo. Iwekeni kama akiba ya dharura, tena kwa simu tu. Msikutane chuoni saa hizo, kuna wenzenu watakaorudi mbali gizani.

Bi_Kijora
Sasa ndipo kura ya Kipanga inapofaa. Chaguo tatu tu, zote zimeshapimwa: Jumapili saa 10 jioni, Jumanne saa 3:30 usiku, au Jumanne mchana wakiwa 5. Andika saa kwa namna zote mbili. Weka mwisho wa kupiga kura, kesho saa 2 usiku, na useme mapema kwamba asiyepiga anafuata itakayoshinda.

Kipanga_wa_Pwani
Nashukuru dada. Na nyie mnasema wiki 5, zimeangaliwa? Kuna wiki ya test humo ndani?

MwanaUbungo
Ipo. Wiki ya tatu. Test mbili, Jumatatu na Jumanne.

Kipanga_wa_Pwani
Basi meza yako ni ya wiki ya kawaida, haijui hilo. Jumanne ya wiki ya tatu haipo. Na kama zamu zake zinabadilishana wiki kwa wiki kuanzia hii ya asubuhi, wiki ya tatu atakuwa wa asubuhi tena.

Tundu_la_Sindano
Hapo umegusa penyewe Kipanga. Wiki ya kwanza asubuhi, ya pili jioni, ya tatu asubuhi, ya nne jioni, ya tano asubuhi. Mkutano wa kugawana kazi ni wiki ya kwanza, basi Jumapili hii saa 10 jioni, wote 6. Wiki ya pili Jumanne mchana, wote 6. Wiki ya tatu futeni mkutano, kila mtu aandike sentensi yake kwenye hati na basi. Wiki ya nne Jumanne mchana, wote 6, na kuunganisha ripoti fanyeni hapo, msisubiri ya tano. Wiki ya tano ibaki ya mazoezi ya kuwasilisha na kurekebisha. Kwa mpangilio huo ule ubishi wangu na Bi Kijora unabaki kwenye wiki ya tano peke yake.

Bi_Kijora
Wiki ya tano Jumanne na watu 5. Bado nasema hivyo.

MwanaUbungo
Mwenzetu wa zamu ameandika sasa hivi kwamba msimamizi wao huwa anabadilisha zamu katikati ya wiki mtu akiugua. Ikitokea Jumatatu usiku akaambiwa Jumanne aingie asubuhi, tunafanyaje, tunasogeza au tunaendelea?

Salma_wa_Kisiwani
Wiki ya pili endeleeni na watu 5, yeye atume sauti. Wiki ya nne sogezeni hadi Alhamisi saa 7 mchana, ni nafasi iliyopata 0 pia. Mwambie wa ofisi leo asipange kitu kingine kwenye chakula chake cha Alhamisi ya wiki hiyo.

MwanaUbungo
Namwandikia sasa hivi.